Mtego wa ukwasi: kwa nini riba ya sifuri haikuamsha matumizi Japani

Mtego wa ukwasi ni hali ambapo benki kuu imeshusha riba hadi karibu na sifuri, lakini watu na makampuni bado hawaongezi mikopo wala matumizi.

Japani ilifikia riba hiyo Februari 1999, wakati bei zilipokuwa zikishuka. Bei zikishuka kwa asilimia 1 kwa mwaka, aliyekopa yeni 100,000 bila riba hurejesha yeni zile zile, ila sasa zina uwezo wa kununua zaidi. Mkopo wa bure humgharimu takriban asilimia 1, naye aliyeficha fedha nyumbani hupata faida hiyo bila kuhatarisha chochote.

Machi 2001 Benki ya Japani iliacha kulenga riba, ikalenga wingi wa fedha. Ilinunua hati fungani za serikali kutoka kwa mabenki na kuyalipa kwa kuongeza akiba zao ndani ya benki kuu. Lengo la akiba hizo lilianzia yeni trilioni 5. Januari 2004 lilifikia trilioni 30 hadi 35.

Hata hivyo, mikopo iliendelea kupungua kwa miaka kadhaa. Makampuni yalishughulika kulipa madeni ya zamani, nayo mabenki yalielemewa na mikopo isiyolipika. Akiba zikalala. Kilichosaidia zaidi ni ahadi ya kutopandisha riba hadi bei ziache kushuka, kwani ilipunguza riba za mikopo ya muda mrefu. Mpango huo ulikoma Machi 2006.