Makadirio ya gharama za sheria ndogo

Waraka mfupi, aghalabu wa ukurasa mmoja au kurasa mbili, unaowaeleza madiwani kabla ya kura kiasi ambacho sheria ndogo itaingiza na itakachokula. Kinachopimwa ni tofauti tu: fedha ambazo zisingekuwepo, au zisingetumika, kama sheria isingepitishwa.

Tuseme halmashauri ya Tanzania inataka kutoza kila kaya shilingi 2,000 kwa mwezi za uzoaji taka. Kaya ni 10,000, hivyo kwenye karatasi kuna shilingi milioni 240 kwa mwaka. Hapo ndipo waraka mbovu huishia. Mwandishi makini hutazama kwanza ushuru unaofanana na huo ulikusanywa kwa kiwango gani. Ukiwa asilimia 55, zinabaki milioni 132. Wakala wa ukusanyaji akichukua asilimia 10, zinabaki milioni 118.8. Gari la taka likigharimu milioni 110 kwa mwaka, ziada ni milioni 8.8 tu.

Mwaka wa kwanza ni mgumu zaidi. Mwaka wa fedha huanza Julai, lakini sheria ndogo husubiri idhini ya waziri na kuchapishwa katika Gazeti la Serikali. Makusanyo yakianza Oktoba, halmashauri hupata milioni 89.1 baada ya kumlipa wakala. Ikiwa gari lilikodiwa tangu Julai, pengo ni milioni 20.9.

Kosa la kawaida ni kuhesabu nyumba badala ya kaya, ilhali nyumba moja ya kupanga huweza kuwa na kaya sita.