Mnepo, Wala Si Udhibiti

Katika madaftari niliyoyasahihisha mwezi uliopita, mwanafunzi mmoja aliandika hivi: transfoma A ina udhibiti wa volteji wa asilimia 5, transfoma B ina asilimia 2, kwa hiyo A ni bora kwa sababu inadhibiti zaidi. Nilinyanyua kalamu nyekundu, kisha nikaiweka chini. Kijana yule hakukosea Kiswahili hata kidogo. Anayedhibiti kwa asilimia 5 amemshinda anayedhibiti kwa asilimia 2, na hakuna mzawa wa lugha hii atakayesoma vingine. Aliyekosea ni yule aliyemkabidhi neno.

Neno lenyewe lilipitishwa na kamati ambayo sitaitaja. Niliwaandikia barua mbili kulipinga, na hadi leo sijapata hata mstari wa kukiri kwamba zimepokewa. Basi na niseme hapa.

Kinachoitwa udhibiti wa volteji wa transfoma si kazi inayofanywa na transfoma. Ni udhaifu wake. Transfoma isiyobeba kitu hutoa, tuseme, volti 240. Ukiitwisha mzigo wake kamili, volti zile hupungua, na kiasi kilichopungua, kikihesabiwa kwa asilimia ya volti za awali, ndicho tunachokitafutia jina. Kinavyokuwa kidogo ndivyo transfoma ilivyo bora. Kudhibiti ni kushika kitu kisiponyoke. Asili yake ni Kiarabu, kwenye mzizi uleule uliozaa jina la afisa wa jeshi katika lugha hiyo, na tangu tulipolipokea halijawahi kumaanisha kulegea. Kamati ilitafsiri neno la Kiingereza, haikukitazama kitu. Tena kipo kifaa kinachodhibiti volteji kwa kweli, ile swichi ya tapu inayoongeza au kupunguza mizunguko ya koili. Neno la haki yake wamempa jirani, na sasa swichi haina jina.

Pendekezo langu ni mnepo. Ufito hunepa ukiwekewa uzito, na ukiuondolea uzito hurudi ulivyokuwa. Waliowaona wachukuzi wa maji na mzegazega begani, debe mbele na debe nyuma, wanakumbuka ule mti unavyopinda katikati mchukuzi anapoinuka, na unavyonyooka akishatua. Hapo pana kila tunachokihitaji: mzigo upo, kupinda kupo, kurudi kupo. Na mafundi wetu tayari huita mzigo kile kinachokula umeme, hatukuhitaji kuwafundisha. Kutoka nepa kupata mnepo ni njia ileile iliyotupa mshono kutoka shona na mchezo kutoka cheza. Ndugu mmoja anashikilia mshuko. Mshuko ni kupungua kokote, hata kwa waya mrefu wa kwenda bandani, nao hausemi kwamba mzigo ndio uliosababisha. Wala hauna kurudi ndani yake.

Mnepo haupimwi kwa kuibebesha transfoma mzigo wake wote. Mzigo huo haupatikani kirahisi karakanani, na umeme wote ungegeuka joto bure. Hupatikana kwa majaribio mawili mepesi, ambayo hujaza saketi wakilishi: mchoro unaosimama mahali pa transfoma, wenye tawi moja la kiini cha chuma na njia moja ya koili za shaba. Chukua transfoma ya fezi moja ya kVA 25, volti 11,000 kwa 240.

Jaribio la kwanza ni la saketi wazi. Tunalisha volti 240 upande wa volteji ndogo, na upande wa pili tunauacha bila kuungwa na kitu. Hautakiwi kuguswa, kwa maana una volti 11,000 hata kama hauna kazi. Watimita inasoma wati 100. Kwa kuwa mkondo unaopita ni mdogo sana, shaba haipotezi cha kuhesabika, na wati hizo zote ni za chuma.

La pili kamati imeliita jaribio la saketi fupi, kana kwamba tunapima urefu. Fundi yeyote wa mtaani akiona waya mbili zimegusana husema shoti. Neno limeshazaliwa, limekua na lina kazi, basi ni jaribio la shoti. Hapa ncha za volteji ndogo zinafungwa pamoja, na upande wa volteji kubwa unalishwa kuanzia sifuri, polepole, hadi amita isome mkondo kamili, yaani ampea 2.27. Voltimita inasoma 440, sawa na asilimia 4 ya 11,000. Watimita inasoma wati 400, nazo ni za shaba, kwani kwa volti chache hivyo chuma hakiamki. Anayefungulia volteji kamili kwa haraka anapitisha mkondo mara 25 ya unaostahili, na koili haziponi. Kosa la kimya zaidi ni kupima transfoma ikiwa baridi: ukinzani wa shaba kwenye nyuzi 30 ukipelekwa nyuzi 75 unapanda kwa takriban asilimia 17. Hizi wati 400 nazichukulia zimekwisha kurekebishwa.

Wati 400 ni asilimia 1.6 ya 25,000, na hiyo ndiyo sehemu ya ukinzani. Asilimia 4 ya volti inajumlisha ukinzani na kizuizi cha sumaku kwa pembe mraba, kwa hiyo kizuizi peke yake ni asilimia 3.67. Kwa mzigo wa mota, wenye pawafakta ya 0.8 ya kuchelewa:

```
mnepo = 1.6 × 0.8 + 3.67 × 0.6 = 3.48
```

Asilimia 3.48 ya volti 240 ni volti 8.4. Nyumba iliyokuwa na 240 sasa inapata karibu 232. Mzigo ukiwa wa kapasita, wenye pawafakta ya 0.8 ya kutangulia, alama ya kujumlisha inageuka kutoa, na jibu ni asilimia 0.92 chini ya sifuri: volti zinapanda hadi 242. Mtetezi mmoja wa udhibiti alidhani amenikamata hapo, eti mti haunepi kwenda juu. Ufito unaosukumwa kutoka chini hubinuka juu, na mnepo hasi unaeleweka na kila aliyewahi kujenga kwa fito. Atueleze yeye udhibiti hasi ni nini.

Ufanisi sina ugomvi nao. Kwa mzigo huohuo wa mota, wati 20,000 zinatoka na 500 zinapotea, hivyo ufanisi ni asilimia 97.6. Kwa nusu ya mzigo, shaba inapoteza robo ya wati 400, yaani 100, sawasawa na chuma, na hapo ufanisi unafika kilele chake, asilimia 98.

Sasa rudi kwa yule kijana. Mwandikie swali lake upya: transfoma A ina mnepo wa asilimia 5, transfoma B ina mnepo wa asilimia 2, ipi bora? Niliwauliza hivyo wanafunzi wa darasa lingine ambao hawakuwahi kulisikia neno hilo kwenye umeme, na wote walijibu B. Msomaji, ukikutana na udhibiti wa volteji kwenye kitabu cha transfoma na pembeni yake pana asilimia, likate kwa wino, uandike juu yake mnepo.