Jembe na Bakuli: Mmonaki wa Kikristo na wa Kibudha Inapofika Saa Sita

Wengi wanaolinganisha umonaki wa Kikristo na wa Kibudha huanza na imani. Mimi naanza na tumbo: mmonaki anakula saa ngapi, na chakula hicho kimelimwa na nani?

Mifano tunayo kando ya barabara. Anayetoka Mbarara kwenda Kampala hupita Masaka, eneo lenye wamonaki wa Kitrapisti wanaofuata Kanuni ya Mtakatifu Benedikto, iliyoandikwa Italia katika karne ya 6. Akiendelea hadi Garuga, karibu na Entebbe, atakuta Kituo cha Wabudha cha Uganda, kilichoanzishwa mwaka 2005 na Bhante Buddharakkhita, Mganda aliyepewa daraja la umonaki Marekani mwaka 2002. Yeye ni wa mapokeo ya Teravada, yenye sheria 227 kwa kila mmonaki.

Msomaji wa Kiswahili ana bahati moja anapoisoma Kanuni ya Benedikto. Warumi walihesabu saa kuanzia mapambazuko kama sisi, kwa hiyo saa nne yao ni karibu saa nne yetu. Sura ya 48 inapanga siku za kuanzia Pasaka hadi Oktoba hivi: kazi ya mikono tangu asubuhi hadi karibu saa nne, kisha kusoma hadi sala ya saa sita, kisha mapumziko kitandani. Sala ya saa tisa husaliwa mapema kidogo, halafu watu wanarudi kazini hadi jioni. Katika majuma ya Pasaka chakula kikuu huliwa saa sita. Wakati wa Kwaresima husubiri hadi jioni.

Kwa mmonaki wa Teravada saa sita ni mpaka. Jua likishavuka utosi hali tena chakula mpaka alfajiri ya kesho. Mchana na jioni ni vya kutafakari, kujifunza na kufundisha. Lakini sheria ngumu zaidi, kwa macho ya mkulima wa Isingiro, ni nyingine: haruhusiwi kuchimba ardhi, kukata mmea, wala kuweka chakula cha kesho. Hata ndizi iliyo mbele yake haili mpaka mtu mwingine amkabidhi.

Mtu wa haraka atasema huo ni uvivu uliopewa baraka. Nadhani hajaangalia sheria inafanya nini. Mmonaki asiyeweza kuweka akiba hawezi kujifungia msituni na kuusahau ulimwengu. Kila asubuhi anawahitaji walei, nao wanapata nafasi ya kutoa na kusikia mafundisho. Mahali ambapo majirani hawaijui desturi ya kutia chakula katika bakuli la mmonaki, mlei anaweza kuishi kituoni, akapika na kuwakabidhi. Bila mlei huyo sheria yote inasimama.

Benedikto alitaka kinyume chake: bustani, kinu na maji viwe ndani ya ukuta, mmonaki asizurure. Wageni ndio wanaobisha hodi, naye huwapokea kama Kristo. Tofauti hii inatokana na lengo. Mtrapisti anamtafuta Mungu kwa sala na utii, na jembe ni sehemu ya utii huo. Mbudha anatafuta kuzima tamaa inayozaa mateso, bila kumtegemea Mungu muumba. Kwake kumiliki shamba ni kamba nyingine ya kukatwa.

Sisi tuliokulia Nakivale tunajua jembe na tunajua foleni ya mgao. Foleni hutia aibu kwa sababu hatukuichagua, na anayetoa hatumwoni. Mmonaki amelichagua bakuli, tena anakaa mbele ya mtoaji. Chakula kinaweza kuwa kilekile, posho na maharage, lakini uhusiano si uleule.

Historia haikuheshimu mstari huu siku zote. China, katika karne ya 8 na ya 9, mwalimu Baizhang aliwataka wamonaki wake wa Kibudha walime. Ulaya, monasteri za Kibenedikto zilitajirika na kuwaachia wengine mashamba, hata mwaka 1098 Wasisteri, ambao Watrapisti ni tawi lao, wakajitenga ili warudie kazi ya mikono.

Hata kutoka umonakini kuna sheria zake. Mbudha anaweza kuvua joho kwa hiari na kurudi nyumbani. Benedikto alidai nadhiri ya kubaki katika jumuiya hadi kufa, ingawa aliyeondoka aliweza kupokewa tena hadi mara tatu. Nadhiri hiyo ilijaribiwa hapa kwetu. Watrapisti wa Kipkelion, Kenya, walioanza mwaka 1956, walikimbia ghasia za uchaguzi mwaka 2008 wakahamia Uganda. Ukuta waliuacha nyuma. Jumuiya ilivuka mpaka pamoja nao, na ratiba ya sala ikaanza upya Masaka.