Kusoma namba ya plagi: jinsi ya kupata mbadala wa kuaminika wa kipuri halisi

Magari mengi yaliyokwisha kutumika Japani hushushwa katika bandari za Mombasa na Dar es Salaam, kisha huendelea na safari hadi Uganda, Burundi na mashariki mwa Kongo. Yakifika huko huhitaji vipuri, na bei ya kipuri kilichomo katika boksi la kampuni iliyounda gari humshinda mwenye gari mara nyingi. Hapo ndipo muuzaji humwambia: "Hii nyingine ni sawasawa." Makala haya yanaeleza namna ya kuhakikisha usawa huo, kwa mfano wa kipuri kimoja: plagi ya injini, ambayo waliozoea Kifaransa huiita buji.

Jambo la kwanza kufahamu ni kwamba kipuri kimoja huwa na namba mbili. Namba ya kwanza ni ya kampuni ya gari. Toyota, kwa mfano, huandika tarakimu tano, kistari, kisha tano nyingine. Plagi zake nyingi huanza na 90919-01, nazo koili zake nyingi huanza na 90919-02. Sehemu ya mwanzo hutaja aina ya kipuri, na sehemu ya mwisho hutenganisha plagi moja na nyingine. Kwa hiyo namba mbili zinazofanana mwanzoni hazithibitishi kwamba vipuri hivyo vyaweza kubadilishana nafasi.

Namba ya pili ni ya kiwanda kilichotengeneza kipuri chenyewe. Toyota haitengenezi plagi zake. Huzinunua kutoka viwanda kama Denso na NGK. Tuchukue namba 90919-01210, inayotumika katika injini kadhaa, mojawapo ikiwa 2AZ-FE ya lita 2.4 iliyofungwa katika Camry na RAV4 za miaka ya 2000. Ukifungua boksi hilo la Toyota utakuta plagi iliyoandikwa DENSO SK20R11. Plagi hiyo hiyo huuzwa pia katika boksi la Denso, kwa kawaida kwa bei nafuu, kwa sababu haikupitia mikono ya wauzaji wa Toyota. Huo ndio mbadala ulio salama kuliko wote, kwa kuwa si mbadala hasa: ni kitu kile kile katika boksi jingine.

Namba ya kuanzia isitafutwe kwa jina la gari pekee. RAV4 za umri mmoja zaweza kuwa na injini tofauti. Anza na namba ya chesisi na jina la injini lililoandikwa kwenye kibati cha gari, kisha linganisha na maandishi yaliyo kwenye plagi kuukuu, ukikumbuka kwamba huenda fundi aliyetangulia alifunga isiyostahili.

Ikiwa plagi ya Denso haipatikani, sharti usome maana ya herufi zake. Katika SK20R11, herufi S huonyesha kwamba ncha yake ni ya iridiamu, madini magumu yasiyolika upesi. K hutaja umbo: nyuzi zenye kipenyo cha milimita 14, urefu wa nyuzi milimita 19, na pembe sita za kushikwa na spana ya milimita 16. Namba 20 ni daraja la joto. R ni kizuizi cha umeme kinachozuia mvumo katika redio na vifaa vya kielektroniki. Mwisho, 11 ni nafasi ya kurukia cheche, yaani milimita 1.1. Plagi ya NGK iliyo sawa nayo ni IFR6A11: iridiamu, umbo lile lile, kizuizi, daraja la joto 6, na nafasi ya milimita 1.1.

Msomaji ataona kwamba 20 ya Denso imekuwa 6 ya NGK. Daraja la joto hueleza kasi ya plagi kupeleka joto kwenye silinda hedi, na kila kiwanda kina kipimo chake. Kwa Denso na NGK, namba kubwa ni plagi baridi zaidi. Kwa Bosch ni kinyume: namba kubwa ni plagi ya moto zaidi. Denso 20 na NGK 6 hulingana na Bosch 7. Anayeingia dukani na kuomba "Bosch namba sita" kwa kudhani amefuata NGK huenda akapewa plagi iliyo baridi kuliko inayotakiwa.

Kosa hili lina gharama. Plagi baridi mno hushindwa kuunguza masizi yake. Huwa nyeusi, na injini huwaka kwa shida asubuhi. Plagi ya moto mno ni hatari zaidi, kwani huwasha mafuta kabla ya wakati wake. Injini hugonga ikipanda mlima, na hatimaye pistoni yaweza kutoboka. Urefu wa nyuzi nao hauna msamaha: plagi ndefu yaweza kugongwa na pistoni, na fupi huacha nyuzi za silinda hedi wazi zijae masizi.

Je, asiyemudu iridiamu afanye nini? Ipo plagi ya nikeli ya umbo, joto na nafasi hiyo hiyo, kama BKR6E-11 ya NGK, ambayo kwa Denso ni K20PR-U11. Iweke sambamba na ile ya zamani uone kama ncha zimechomoza kwa kiasi kimoja. Huo ni uamuzi halali, mradi hesabu ifanywe: iridiamu hudumu kilomita 100,000 au zaidi, ilhali nikeli huhitaji kubadilishwa kila baada ya kilomita 20,000 hivi. Plagi nafuu isiyobadilishwa kwa wakati huchosha koili, nayo koili ni ghali kuliko plagi zote nne.

Uamuzi usio halali ni kununua iridiamu kwa bei ya nikeli, kwani hiyo mara nyingi ni bandia. Itazame ncha ya katikati: iridiamu ya kweli ni nyembamba, chini ya milimita moja, na imeungwa kwa weledi katikati kabisa. Ncha nene, iliyopinda au yenye mng'ao wa rangi ni dalili mbaya. Zipange zote nne pamoja. Nafasi zikitofautiana kwa macho, zirudishe. Fundi mwenye mita apime kutoka juu hadi ncha ya katikati: plagi yenye kizuizi huonyesha omu elfu kadhaa, na ikionyesha sifuri, herufi R iliyoandikwa ni uongo.

Plagi mpya ifungwe kwa vidole hadi ikae, kisha iongezwe kwa spana nusu mzunguko hadi theluthi mbili. Baada ya kilomita mia tano hivi, ifunguliwe moja. Kauri yenye rangi ya hudhurungi hafifu au kijivu huthibitisha kwamba mbadala umelingana. Ikiwa nyeupe yenye malengelenge, iondolewe siku hiyo hiyo, kabla injini haijalipa gharama ya namba iliyosomwa vibaya.