Hati ya makabidhiano ya tovuti

Hati ya makabidhiano ya tovuti ni maandishi ambayo msanidi humwachia mwenye tovuti kazi inapokwisha, ili yeye au fundi atakayefuata aiendeshe bila kumtafuta aliyeijenga. Mfano wa hapa ni tovuti ya WordPress ya nyumba ya wageni, yenye anwani ya .co.tz.

Akaunti na seva

Tovuti hiyo ina akaunti tatu: ya kikoa kwa msajili, ya kampuni inayokodisha seva, na ya msimamizi ndani ya WordPress. Hati hutaja kila akaunti ina jina la nani, barua pepe ipi, na hulipiwa lini. Nywila haziandikwi humo, maana hati husambaa. Hutunzwa katika programu ya nywila, na hati huonyesha zilipo.

Kosa la kawaida ni kusajili kikoa kwa barua pepe ya kikoa hichohicho. Malipo yakipitwa na wakati, barua pepe hukatika pamoja na tovuti, na kiungo cha kubadilisha nywila hutumwa kwenye sanduku lisilofikika tena. Ndiyo maana akaunti ya kikoa hupewa anwani ya nje.

Nakala rudufu

Nakala kamili ina sehemu mbili. Hifadhidata hubeba kurasa, maandishi na mipangilio. Folda ya `wp-content` hubeba picha, mandhari na programu-jalizi. Ukirejesha folda peke yake, picha zitarudi lakini kurasa hazitaonekana. Hati hueleza kila sehemu huhifadhiwa wapi nje ya seva, maana nakala iliyo ndani ya seva hupotea nayo. Huandikwa pia tarehe ambayo nakala ilijaribiwa kurejeshwa mara ya mwisho.

Fundi anayetumia amri huchota hifadhidata hivi, akiwa ndani ya folda kuu ya tovuti:

```
wp db export ../nakala.sql
```

Alama za `../` huweka faili folda moja juu, kwa kuwa likiachwa ndani ya folda kuu, yeyote anayekisia jina lake anaweza kulipakua.

Kusasisha

Kwanza nakala, kisha programu-jalizi moja baada ya nyingine, ili ikitokea hitilafu ijulikane imeletwa na ipi. WordPress yenyewe hufuata. Baada ya hapo mwenye tovuti hujaza fomu ya kuweka nafasi na kuhakikisha ujumbe umefika. Tovuti ikigoma kufunguka, folda ya programu-jalizi iliyosasishwa mwisho, ndani ya `wp-content/plugins`, hubadilishwa jina, nayo huzimika.

Kufunga makabidhiano

Mwenye tovuti huingia katika kila akaunti, hubadilisha nywila, na kuhakikisha namba za uthibitisho zinafika kwenye simu yake. Ndipo hufuta akaunti ya msanidi. WordPress itauliza machapisho ya akaunti hiyo yafanyweje: ni lazima yahamishiwe mtumiaji mwingine, la sivyo yatafutwa pamoja nayo.