Kizazi Kuinama Nyuma: Je, Ndicho Kinacholeta Maumivu ya Hedhi au Kukosa Mtoto?

Wanawake wengi hutoka kwenye kipimo cha ultrasaundi wakiwa na hofu, kwa sababu wameambiwa, "Kizazi chako kimeinama nyuma." Wengine huambiwa kimepinda au kimegeuka. Tuone kwanza maneno hayo yana maana gani.

Kizazi kuinama nyuma ni nini?

Kizazi kipo katikati ya kibofu cha mkojo, kilicho mbele, na utumbo wa haja kubwa, ulio nyuma. Kwa wanawake wengi kizazi huinamia mbele, juu ya kibofu. Kwa takriban mwanamke 1 kati ya 5 huinamia nyuma, upande wa uti wa mgongo. Wengi wao wamezaliwa hivyo. Ni tofauti ya kimaumbile tu, wala si ugonjwa. Hata kibofu kikijaa mkojo, mkao wa kizazi hubadilika kidogo.

Je, huzuia mimba?

Mkao wenyewe hauzuii. Mbegu za kiume huogelea zenyewe kupita kwenye mlango wa kizazi, na hazihitaji kizazi kielekee upande fulani. Damu ya hedhi nayo haikwami ndani, kwa sababu kizazi hujikaza na kuisukuma itoke. Kujikaza huko ndiko huleta maumivu ya kawaida ya hedhi, awe mwanamke ana kizazi kilichoinama mbele au nyuma.

Swali la muhimu: kinasogea au kimenata?

Daktari akipima kwa vidole kupitia ukeni, kizazi kilichoinama nyuma kwa maumbile husogea bila shida. Kisiposogea, huenda kuna kitu kimekishika. Kinaweza kuwa makovu ya maambukizi ya zamani, kama ya kisonono au klamidia. Inaweza pia kuwa endometriosisi, yaani tishu zinazofanana na ukuta wa ndani wa kizazi zinapoota nje yake na kuvuja damu humo tumboni. Magonjwa haya ndiyo huleta maumivu, na huweza kuziba au kuharibu mirija ya uzazi. Kuinama kwa kizazi ni alama tu waliyoiacha.

Mfano wa mama mmoja

Mama mmoja wa miaka 28 alikuja kwangu baada ya kutafuta mtoto kwa miezi 14. Alikuwa ameambiwa kizazi kimeinama, akaenda kukandwa tumbo mara tatu ili "kirudishwe". Hakuona nafuu.

Nilimuuliza maumivu yalianza lini. Alisema alipovunja ungo yalikuwa madogo, lakini kila mwaka yamezidi. Siku za hedhi huumia pia anapokwenda haja kubwa, na tendo la ndoa humuuma ndani kabisa. Majibu hayo hayakuelekea kwenye mkao wa kizazi. Nilimwandikia rufaa kwa daktari wa magonjwa ya wanawake, naye akakuta kizazi hakisogei na kuna uvimbe wenye damu nzito kwenye kifuko cha mayai. Ilikuwa endometriosisi. Mumewe naye alipimwa mbegu, kwa sababu tatizo linaweza kuwa kwa yeyote kati ya wawili. Matibabu yakaanza kwenye ugonjwa wenyewe.

Kukanda tumbo hakuondoi makovu wala endometriosisi. Mama huyu alipoteza muda na pesa.

Nenda kituo cha afya ukiona haya:

- Maumivu ya hedhi yanazidi mwaka hadi mwaka, au yanakufanya ushindwe kazi au shule hata ukitumia dawa.
- Unaumia ndani wakati wa tendo la ndoa, au unapokwenda haja kubwa siku za hedhi.
- Una uchafu wenye harufu mbaya ukeni, homa na maumivu chini ya kitovu.
- Umetafuta mimba miezi 12 bila kupata, au miezi 6 kama una miaka 35 au zaidi. Nendeni wote wawili.

Ukiwa mjamzito

Kizazi kilichoinama nyuma kwa kawaida hukua na kupanda juu chenyewe karibu na wiki ya 12 hadi 14, na ujauzito huendelea vizuri. Kwa nadra sana hukwama nyonga na kubana njia ya mkojo. Ukiwa na mimba ya miezi mitatu au minne, tumbo la chini linauma na mkojo hautoki, au unatoka matone tu, nenda hospitali siku hiyo hiyo.

Ukipewa majibu ya ultrasaundi yanayosema kizazi kimeinama nyuma, muulize daktari swali moja: "Je, kinasogea?" Kama kinasogea na huna dalili tulizotaja, hakuna cha kutibu.