Mrejeo kwenye Wastani na Alama za Mtihani

Katika shule za msingi za upande wetu, tangu Kitale hadi Bungoma na Myanga, iko desturi ambayo kila mzazi anaifahamu: mtihani wa muhula ukiisha kusahihishwa, majina hupangwa kuanzia wa kwanza hadi wa mwisho, na wale walioshika mkia hukusanywa wakapewa masomo ya ziada, alfajiri kabla ya kengele au siku ya Jumamosi, mpaka mtihani mwingine uwadie. Mtihani huo ukiwadia, watoto wale aghalabu hupanda, na kupanda kwao huhesabiwa kuwa ithibati ya kwamba masomo yale yamefaa. Huenda yamefaa kweli. Lakini sehemu ya kupanda huko, na pengine sehemu kubwa, ingalitokea hata kama watoto wasingalifundishwa neno moja zaidi ya wenzao. Na sababu yake si muujiza wala hila ya mwalimu, bali ni kanuni ya hesabu ambayo wanatakwimu huiita mrejeo kwenye wastani.

Aliyeipa kanuni hii umbo lake la kwanza ni Mwingereza Francis Galton, ambaye mwaka 1886 alichapisha vipimo vya urefu wa watu wazima 928, wana wa jozi 205 za wazazi. Aliona kwamba wazazi warefu mno huzaa watoto warefu, lakini si warefu kama wao, na wazazi wafupi mno huzaa watoto wafupi, lakini si wafupi kama wao; kila upande ulielekea katikati. Kwa Kiswahili yafaa kusema kurejea, wala si kurudi nyuma, maana aliye mkiani katika habari hii husogea mbele, na aliye kileleni ndiye ashukaye. Na yafaa kutaja mahali panaporejewa, yaani wastani, ili msomaji asidhani kwamba wastani wenyewe ndio unaosafiri.

Ili kuelewa kwa nini alama za mtihani hurejea hivyo, hatuna budi kutazama alama moja imefanyizwa kwa vitu gani. Tuchukue karatasi ya maswali 50 ya kuchagua jibu, yenye herufi A, B, C na D, kila swali likiwa na alama 2. Mtoto mmoja anajua kwa yakini maswali 30, na 20 yaliyobaki anabahatisha. Katika kubahatisha, kwa kuwa jibu sahihi ni moja kati ya manne, atapata kwa kadiri maswali 5. Lakini leo aweza kupata 3, na siku nyingine 7, pasipo elimu yake kuongezeka wala kupungua hata chembe. Basi mtoto huyo huyo, mwenye ujuzi ule ule, leo ana alama 66 na kesho ana 74. Tena hapo hatujahesabu homa ya malaria iliyomwamkia asubuhi ya mtihani, wala matope ya mvua za masika aliyoyapita akafika shuleni amechelewa, wala bahati ya kukuta kwenye karatasi mada ile ile aliyoisoma jana usiku. Kila alama, kwa hiyo, ina sehemu mbili: ujuzi wa mtoto, ambao hudumu, na mambo ya siku ile, ambayo huja na kwenda.

Sasa mwalimu anapochagua kumi wa mwisho, anachagua kwa alama, na kwa kufanya hivyo anawakusanya bila kujua wale ambao ujuzi wao ni mdogo pamoja na wale ambao siku ile iliwaendea kombo. Kwa maana ni shida mtu kufika mkiani kabisa ilhali bahati imemwelekea. Katika kundi hilo, kwa jumla, mambo ya siku yamekwenda upande mmoja, upande wa hasara. Mtihani wa pili ukija, ujuzi wao wanao vile vile, lakini hasara ile haina sababu ya kuwafuata wote mara ya pili. Baadhi itawapata tena, na wengine itawaacha, na wastani wa kundi utapanda. Kadhalika kwa walioongoza, ila kinyume chake: wamo wenye ujuzi mwingi pamoja na waliobahatika, na bahati ikiisha kugawanywa upya, wastani wao utashuka.

Kiasi cha kurejea chaweza kukadiriwa. Inatakiwa kujua jinsi mitihani miwili inavyofuatana pasipo msaada wowote kati yake, na kipimo cha kufuatana huko ni uwiano, unaoandikwa kwa herufi r. Ukiwa 1, anayetangulia katika wa kwanza atatangulia kwa kadiri ile ile katika wa pili, wala hapana mrejeo. Ukiwa 0, mtihani wa kwanza haukuambii lolote juu ya wa pili. Mwalimu mwenye kompyuta, aliyeweka alama za watoto 60 za mitihani miwili ya zamani katika safu mbili, ataupata kwa mstari huu:

```
=CORREL(A2:A61,B2:B61)
```

Tuseme, kwa mfano tu, kwamba amepata 0.6, na kwamba wastani wa darasa ni 50 katika kila mtihani, na alama zimetawanyika kwa kiasi kile kile. Kumi wa mwisho wana wastani wa alama 30, yaani wako 20 chini ya wenzao. Kinachotarajiwa katika mtihani wa pili ni kwamba watabaki chini kwa 0.6 ya hizo 20, nayo ni 12, basi watapata 38. Wamepanda alama 8, na hakuna aliyewafundisha chochote cha ziada. Na kumi wa kwanza, waliokuwa na 70, watapata 62. Wameshuka 8, na hakuna aliyezembea.

Baada ya hesabu hiyo, fikiri kwamba kumi wa mwisho walipewa masomo ya Jumamosi muhula mzima, kisha wakapata 40. Aliyesimama mbele ya wazazi akasema kwamba masomo yameleta alama 10 amesema zaidi ya alichonacho. Alama 8 zilitarajiwa bila masomo. Zilizobaki kuulizwa ni 2, na hizo nazo, kwa kundi la watoto kumi tu, zaweza kuletwa na bahati. Hapa ndipo ilipo tofauti baina ya mrejeo na taathira ya tiba, na tiba katika habari yetu ni hayo masomo ya ziada. Taathira ni ile nyongeza iliyopo kwa sababu tiba ilitolewa na ambayo isingalikuwapo kama haikutolewa. Mrejeo upo tiba iwepo au isiwepo, maana umezaliwa na namna tulivyowachagua watoto.

Mwenye shaka anaweza kuzipima orodha zake mwenyewe kwa kuzisoma kinyume. Awachukue kumi wa mwisho wa mtihani wa pili, kisha atazame walipata nini katika ule wa kwanza: ataona kwamba, kwa jumla, walikuwa juu zaidi. Masomo ya leo hayawezi kumpandisha mtoto katika mtihani wa muhula uliopita. Basi kinachoonekana hapo si kazi ya dawa yoyote. Na kwa kuwa wengine husogea kwenda kingoni kwa kadiri wengine wanavyorejea katikati, darasa zima halisongamani kuwa la watu sawa. Mtawanyiko wa alama hubaki kama ulivyokuwa, ila waliosimama kwenye kingo si wale wale.

Kutolitambua jambo hili kumewadhuru watoto kwa njia nyingine iliyo chungu. Kwa miaka mingi wako waalimu walioapa kwamba fimbo hufunza na sifa huharibu, nao hawakuwa wakisema uongo kuhusu walichokiona: mtoto huchapwa baada ya kufanya vibaya kupita kawaida yake, na kinachofuata vibaya kupita kawaida mara nyingi ni afadhali; naye husifiwa baada ya kufanya vizuri kupita kawaida yake, na kinachofuata mara nyingi ni pungufu. Mwanasaikolojia Daniel Kahneman aliyasikia maneno hayo hayo kwa wakufunzi wa marubani wa jeshi la Israeli, akawaonyesha kwamba kilichowadanganya ni mrejeo. Fimbo ilipigwa marufuku katika shule za Kenya mwaka 2001, lakini hoja iliyoitetea ingali inasikika, na hoja hiyo haina msingi katika alama za mtihani.

Je, taathira ya kweli itajulikanaje? Njia iliyo imara ni kuwa na kundi la kulinganisha lililochaguliwa kwa mizani ile ile. Katika Bungoma yetu mfano upo. Kuanzia mwaka 2005, Esther Duflo, Pascaline Dupas na Michael Kremer walifanya utafiti katika shule 121 za msingi za wilaya za Bungoma na Butere-Mumias, ambako darasa la kwanza liliongezewa mwalimu wa mkataba na kugawanywa mikondo miwili. Kwa kura, takriban nusu ya shule ziligawa watoto kufuata alama zao za mwanzo, waliotangulia mkondo mmoja na waliobaki nyuma mkondo mwingine. Nusu nyingine ziligawa watoto pasipo kutazama alama. Angalia uzuri wa mpango huo. Lau wangaliwatazama tu watoto wa mkondo wa chini wakihesabu walivyopanda, wangaliuhesabu mrejeo kuwa ushindi. Lakini waliwalinganisha na watoto wa nusu ya chini katika shule zile nyingine, ambao nao walikuwa na siku zao mbaya na walirejea kwa kadiri ile ile. Ukitoa hawa katika wale, mrejeo unajifuta, na kinachosalia ni kazi ya mgawanyo. Waliokuwa nyuma walifaidika, na wa mbele pia. Baada ya miezi 18 faida ya jumla ilikuwa 0.14 ya mchepuko sanifu, yaani chini ya sehemu moja ya sita ya kile kipimo cha kawaida cha mtawanyiko wa alama. Ni faida ya kiasi, lakini ni faida yenye kuaminika.

Shule moja yaweza kufanya kwa udogo wake jambo la namna hiyo: ichague ishirini wa mwisho, ipige kura, kumi wapate masomo muhula huu na kumi muhula ujao, kisha walinganishwe kabla ya zamu ya pili kuanza. Ikiwa kura haiwezekani, na iwape waliochaguliwa mtihani wa pili kabla ya masomo, na kupanda kwao kuhesabiwe kutoka mtihani huo, si kutoka ule uliowachagua. Kwa maana mrejeo utakuwa umekwisha kutokea katikati ya mitihani hiyo miwili. Njia hii ni dhaifu kuliko kura, kwani haitenganishi masomo ya ziada na mafunzo ya kawaida ya muhula, wala haisaidii ikiwa mtihani wa tatu, ule wa baada ya masomo, ni mwepesi kuliko wa pili.

Wala mtu asitumie mrejeo kuwa kisingizio cha kuwaacha walio nyuma. Katika mfano wetu watoto wale walitoka 30 wakafika 38, hawakufika 50. Alama 12 zilizobaki ni upungufu wa ujuzi wenyewe, ambao hautaondolewa na bahati ya mtihani mwingine. Hizo 12 ndizo zinazohitaji mwalimu, na mwalimu atakayezipunguza, hata ikiwa kwa alama 3 tu juu ya zile 8 zitakazokuja zenyewe, amefanya kazi inayostahili kuandikwa katika taarifa ya shule kwa hesabu yake halisi.